Sitapu 100 kila siku kwa siku 40: mbona mshipi wangu uko tundu lile lile?

#1 MwanaTudor, Jumapili, saa 3:10 usiku

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina umri wa miaka 41, urefu sentimita 172 na uzito kilo 88, na kazi yangu ni ya kuketi kutwa katika ofisi ya uwakala wa forodha. Siku 40 zilizopita nilianza kufanya sitapu 100 kila alfajiri baada ya sala, na sijaruka hata siku moja. Nalala chali juu ya mkeka, naingiza vidole vya miguu chini ya ubao wa kitanda ili miguu isinyanyuke, kisha nainuka mpaka viwiko viguse magoti. Siku ya kwanza nilizigawa mara kumi, kumi kumi, nikapumzika kila mara. Siku hizi nazimaliza kwa awamu nne, na zote hazipiti dakika nane.

Nikilibonyeza tumbo nahisi misuli imekaza, jambo ambalo halikuwapo zamani. Lakini juu ya misuli hiyo kitambi kimekaa vile vile. Nilianza na sentimita 104 nikipima kitovuni, na leo nimepata 103, wala uzito haukupungua. Nauliza: mazoezi ya tumbo ya kila siku yanapunguza mafuta ya tumbo, au hayapunguzi? Na ikiwa ni subira tu, nisubiri mpaka lini, au nizifikishe 200?

#2 KochaBamburi, Jumapili, saa 3:41 usiku

Kaka, usizifikishe 200. Kwanza nijibu hili: mgongo wako wa chini haukuumi? Mtu anapobana miguu chini ya kitanda na kuinuka mpaka magotini, tumbo hufanya kazi mwanzoni tu, pale mabega yanapoachana na mkeka. Baada ya hapo kazi kubwa huchukuliwa na misuli inayounganisha uti wa mgongo na paja, na misuli hiyo huuvuta mgongo wa chini kila unapoinuka. Itoe miguu chini ya kitanda, kunja magoti, inua mabega peke yake, shusha polepole. Utaona kwamba 25 za namna hiyo ni kazi kuliko 100 zako.

Ama kuhusu mafuta, mimi nasema yanapungua, ila si kwa sitapu peke yake. Nimefundisha watu mchangani kwa miaka 9, na wanaochanganya mbio na mazoezi ya tumbo hupungua viuno kuliko wanaokimbia tu. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

#3 MwanaTudor, Jumapili, saa 3:52 usiku

Kocha, mgongo unauma tangu wiki ya tatu, hasa nikishuka garini. Nilidhani ni kiti cha ofisini. Ahsante, kesho naitoa miguu.

#4 BahariaLikoni, Jumapili, saa 4:20 usiku

Ndugu, tatizo lako ni kwamba hutoki jasho. Alfajiri kuna baridi. Mimi nilifunga nailoni tumboni, nikavaa sweta juu yake, nikafanya mazoezi saa nane mchana, na kwa siku tano nikapungua kilo mbili na nusu. Mafuta huyeyuka kwa joto kama samli, kisha hutoka na jasho.

#5 MwalimuWaSayansi, Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Baharia, kilo mbili na nusu nakubali kwamba zilitoka, ila yalikuwa maji, na kama ulikunywa maji ya kutosha siku ya sita, bila shaka zilirudi. Jasho ni maji na chumvi. Mafuta hayapenyi ngozini, na joto la mwili haliyayeyushi kama samli ya kikaangoni, kwa sababu tayari yamo katika hali ya majimaji ndani ya seli zake. Mwili unapoyatumia, huyavunja kwa oksijeni yakawa hewa ya kaboni na maji. Kilo kumi za mafuta zikitumika zote, takriban kilo nane na zaidi kidogo hutoka kwa pumzi na zilizobaki hutoka kama maji. Kwa hiyo mafuta hutoka zaidi kupitia puani na mdomoni.

Tena kujifunga nailoni katika joto la Mombasa saa nane mchana ni hatari. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi, na wewe umelizuia lisikauke. Tafadhali usimshauri mtu jambo hilo.

#6 BahariaLikoni, Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, kilo zilirudi kweli, mbili kati ya hizo. Lakini nusu haikurudi, na hiyo nusu naidai.

#7 MuuguziMstaafu, Jumatatu, saa 2:05 usiku

Mwanangu MwanaTudor, umeuliza vizuri kwa sababu umekuja na vipimo. Nami nitakujibu kwa vipimo hivyo hivyo.

Kosa lililo vichwani mwa wengi ni kudhani kwamba msuli hula mafuta yaliyo jirani yake. Hauna njia ya kuyafikia. Mwili unapohitaji nguvu, homoni kama adrenalini huzunguka katika damu na kuziamuru seli za mafuta za mwili mzima, za tumboni, mgongoni, matakoni na mapajani, ziachilie mafuta kidogo kidogo. Mafuta hayo huingia kwenye damu, na msuli unaofanya kazi huyachota humo humo kwenye damu. Msuli wa tumbo lako unaweza kuwa unatumia mafuta yaliyotoka pajani. Mwaka 1984 Marekani kulifanyika uchunguzi ambao hadi leo naukumbuka kwa sababu ulikuwa wa jasho kama wako: wanaume 13 walifanya sitapu 5,004 kwa siku 27. Kabla na baada walichomwa sindano wakatolewa mafuta kidogo ya tumboni, mgongoni na matakoni, seli zikapimwa ukubwa wake. Zilipungua kidogo, lakini tumbo halikupungua kuliko mgongo wala matako.

Sasa hesabu yako. Kwa mtu wa kilo 88, dakika nane za sitapu hutumia takriban kalori 45. Kwa siku 40 ni kalori 1,800. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700. Maana yake, hata kama hukuongeza tonge moja la chakula, umetumia chini kidogo ya robo kilo ya mafuta, nayo imetoka mwili mzima. Tumboni imetoka sehemu tu ya hiyo robo. Ndiyo maana utepe haujaona kitu.

Nikuulize: unakunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku, na sukari vijiko vingapi?

#8 ChandeKongowea, Jumatatu, saa 2:30 usiku

Hata mimi tumbo linanisumbua, hasa usiku, linawaka moto na kujaa gesi nikila maharagwe. Nifanye zoezi gani kati ya hayo?

#9 MuuguziMstaafu, Jumatatu, saa 2:38 usiku

Chande, tumbo linalozungumziwa hapa ni la nje, kitambi. Lako linalowaka usiku nenda ukapimwe kituo cha afya, na kwa sasa usifanye sitapu baada ya kula.

#10 MwanaTudor, Jumatatu, saa 2:50 usiku

Mama, vikombe vinne. Kimoja nyumbani na mahamri, viwili ofisini, kimoja jioni. Vijiko vitatu kila kikombe, na mke wangu husema ni vinne.

#11 MuuguziMstaafu, Jumatatu, saa 3:12 usiku

Tuchukue vitatu. Kijiko kimoja cha chai kisichofura kina gramu 4 za sukari, basi vijiko 12 ni gramu 48, nazo ni takriban kalori 190 kwa siku. Sitapu zako ni 45. Kwa siku 40 sukari ya chai peke yake imeingiza kalori 7,600, ambazo kwa karatasi ni karibu kilo nzima ya mafuta. Nasema kwa karatasi kwa sababu mwili hauko kama daftari la duka. Mtu akipunguza sukari huweza kula zaidi mchana bila kujua, au akapunguza kutembea kwa sababu ya uchovu. Lakini uwiano wenyewe ndio ninaotaka uuone.

#12 FundiWaMajengo, Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Mimi ni fundi wa nguo, na nina jambo kuhusu vipimo. Ndugu amesema amepima kitovuni, akapata 104 kisha 103. Tofauti ya sentimita moja hata mimi mwenye utepe shingoni kwa miaka 22 naweza kuipata kwa mtu yule yule ndani ya robo saa. Mteja akiona utepe hujivuta tumbo. Nikimwambia apumue, nusu ya pumzi huiacha na nusu huishika. Utepe ukipanda mgongoni kwa vidole viwili, hesabu inabadilika. Akiwa ametoka kula wali wa nazi, inabadilika tena.

Na liko jambo lingine. Wanaume wengi huniambia kiuno chao ni 36, na kweli suruali ni ya 36, miaka kumi nzima. Lakini kila mwaka suruali inashuka. Zamani ilifungwa kitovuni, leo inafungwa chini ya kitambi, kwenye nyonga, na nyonga hazinenepi kama tumbo. Mshipi uliobaki tundu lile lile hauthibitishi kitu, si cha kheri wala cha shari. Mtu akishonewa kanzu ndipo anashtuka, maana kanzu naipima penye tumbo lenyewe.

#13 MuuguziMstaafu, Jumanne, saa 8:20 mchana

Fundi amenena kweli tupu. Hospitalini tulipima hivi: unatafuta kwa kidole ubavu wa mwisho wa chini, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na utepe unapita katikati ya hapo, sambamba na sakafu, bila kubana ngozi, mtu akiwa amemaliza kutoa pumzi ya kawaida. Ni asubuhi kabla ya chai, mara mbili, na zikitofautiana unapima ya tatu. Kipimo chepesi cha kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu. Kwa MwanaTudor nusu ni 86.

#14 UmmuZahra_Kisauni, Jumanne, saa 3:25 usiku

Naomba kuleta kisa changu kwa sababu naogopa kuna mama atasoma hapa na kuanza sitapu 100.

Baada ya mtoto wangu wa tatu tumbo lilibaki nje, nikaulizwa sokoni mimba ina miezi mingapi ilhali mtoto alikuwa na mwaka. Nikafanya sitapu kila usiku kwa miezi mitatu. Uzito ulipungua kilo nne, uso ukakonda, lakini tumbo likazidi kutokeza. Nilipokuwa nikiinuka niliona katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, panapanda tuta refu kama mkuku wa mtumbwi uliopinduliwa. Nilidhani ndiyo misuli inakuja.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alinilaza chali, magoti yamekunjwa, akaniambia niinue kichwa kidogo tu, kisha akaweka vidole vyake juu ya kitovu. Vilizama vitatu. Misuli miwili ya mbele ilikuwa imeachana tangu ujauzito, na kila sitapu ilisukuma vya ndani kwenye pengo hilo. Alinikataza sitapu. Nikaanza kwa kutoa pumzi taratibu huku navuta tumbo la chini kuelekea mgongoni, kisha kutelezesha kisigino kimoja kimoja sakafuni, na sharti lilikuwa moja: tuta likitokea, nimepita kiasi. Baada ya wiki nane pengo lilikuwa kidole kimoja na nusu. Kiuno kilipungua sentimita tano, na uzito haukusogea hata nusu kilo. Kwa hiyo mimi nasema mazoezi ya tumbo hupunguza tumbo, ila kwangu hayakuwa mafuta yaliyopungua.

#15 BiZuena_Kuze, Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Mwanangu UmmuZahra, pole. Sisi tulifungwa mkaja siku arubaini, leso imekazwa na kungwi anayejua, na matumbo yalirudi. Nyinyi mnatoka hospitalini mnavaa dera, mnaliacha tumbo lilegee, kisha mnalitafuta kwa sitapu.

#16 UmmuZahra_Kisauni, Jumatano, saa 3:40 asubuhi

Shikamoo mama. Mkaja nilifungwa kwa watoto wawili wa kwanza, na kwa kweli ulinisaidia kusimama wima na mgongo haukuuma. Lakini nilipoufungua tumbo lilikuwa pale pale, na huyo mtaalamu alinieleza kwamba kitambaa hushikilia, ila misuli yenyewe haipati nguvu kwa kushikiliwa.

#17 BiZuena_Kuze, Jumatano, saa 4:10 asubuhi

Marahaba. Kitambaa kikifungwa na asiyejua, hivyo ndivyo kinavyokuwa.

#18 KochaBamburi, Jumatano, saa 1:50 jioni

Nataka kurudi kwa Bi Muuguzi, posti #7, kwa heshima. Ule uchunguzi wa 1984 ni mkongwe. Mwaka 2023 umetoka mwingine wa Norwei, na matokeo yake ni kinyume. Wanaume wenye uzito kupita kiasi waligawiwa makundi mawili kwa wiki kumi. Kundi moja lilikimbia tu kwenye mashine, jingine lilikimbia muda mfupi zaidi na kuongeza mazoezi ya tumbo. Mafuta ya mwili mzima yalipungua kwa kiasi kinachokaribiana, lakini la pili lilipoteza mafuta mengi zaidi ya kiwiliwili, tofauti ikiwa karibu gramu 700. Kwa hiyo niliyoyaona mchangani siyo ndoto.

#19 MuuguziMstaafu, Jumatano, saa 3:30 usiku

Kocha, uchunguzi huo naufahamu na siupuuzi. Imeonekana pia kabla ya hapo kwamba mafuta yaliyo karibu na msuli unaofanya kazi huachiliwa kwa kasi kidogo zaidi, pengine kwa sababu damu huongezeka mahali hapo na joto pia. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, watu hao hawakufanya sitapu za dakika nane. Walifanya kazi nyepesi ya tumbo kwa mashine, mizunguko ya dakika nne nne bila kusimama, pamoja na mbio, siku nne kwa wiki. Pili, kilichopimwa ni kiwiliwili chote, pamoja na kifua na mgongo, na watu walikuwa wachache. Kwa upande wa pili tangu 1971 wachezaji tenisi wamepimwa mikono yao. Mkono unaoshika raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini tabaka la mafuta chini ya ngozi halikutofautiana na la mkono mwingine, na hao wamepiga mpira miaka mingi kwa mkono ule ule.

#20 KochaBamburi, Jumatano, saa 3:55 usiku

Mkono si tumbo, Bi Muuguzi. Mkononi hakuna mafuta ya kutosha kuonyesha tofauti.

#21 BahariaLikoni, Alhamisi, saa 11:20 alfajiri

Nimesoma yote nikiwa zamu ya usiku bandarini, na nailoni nimeitupa. Lakini hakuna aliyetaja usingizi. Nilipokuwa zamu ya mchana sikuwa na kitambi. Tangu nihamishiwe usiku nakula viazi karai saa tisa za usiku ili nisisinzie, nalala saa nne za mchana kwa kushtukashtuka, na tumbo limekua ilhali mikono na miguu ni ile ile. Tena langu ni gumu, halishikiki kwa vidole kama la mke wangu.

#22 MuuguziMstaafu, Alhamisi, saa 2:15 usiku

Baharia, hilo gumu ndilo la kuangaliwa zaidi. Mafuta unayoweza kuyafinya yako chini ya ngozi, juu ya misuli. Tumbo linalotokeza lakini halifinyiki mara nyingi lina mafuta ya ndani, nyuma ya misuli, yanayozunguka utumbo na ini, na hayo ndiyo yanayofuatana na kisukari na shinikizo la damu. Habari njema ni kwamba hayo hupungua mapema mtu anapoanza kutembea kwa haraka mara kwa mara, hata mizani ikiwa bado haijasema kitu. Pima sukari na shinikizo. Na kama tumbo limekua ghafla kwa wiki chache, huku miguu inavimba au mwili unakonda, hilo si la mazoezi kabisa, nenda hospitali.

#23 MwanaTudor, wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 2:40 usiku

Nimerudi na taarifa. Nilikwenda kwa FundiWaMajengo akanipima kama Bi Muuguzi alivyoelekeza, baina ya ubavu na nyonga, asubuhi sijanywa kitu. Alipima mara tatu akapata 101, 102, 101. Nimepunguza sukari hadi kijiko kimoja kwa kikombe, nateremka kwenye matatu vituo viwili kabla na kutembea dakika 35 kwa hatua za haraka, na nimebaki na sitapu 25 za Kocha bila kubana miguu. Mgongo umeacha kuuma siku ya tisa. Leo Fundi amepata 99, 99, 100, na uzito ni kilo 86 na nusu.

#24 KochaBamburi, Jumapili, saa 2:58 usiku

Hongera kaka. Uzito umepungua kilo moja na nusu tu, na kiuno sentimita mbili. Msuli wa tumbo ulioimarika umesaidia kuvuta ndani.

#25 MuuguziMstaafu, Jumapili, saa 3:20 usiku

Hongera, mwanangu. Lakini Kocha, tuwe waangalifu. Amebadilisha mambo matatu siku moja, sukari, kutembea na namna ya sitapu, kwa hiyo si wewe wala si mimi anayeweza kudai sentimita hizo. Kama anataka kujua, aache sitapu wiki tatu, abaki na mengine mawili, kisha Fundi apime tena.

#26 KochaBamburi, Jumapili, saa 3:31 usiku

Asiziache. Mgongo uliopona utarudi kuuma.

#27 FundiWaMajengo, Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Utepe uko. Aje kabla ya chai.